Ganda la Pai Huokwa Kwanza

Ukikata pai ya kastadi na kukuta kitako chake kimelowa, cheupe na kina ladha ya unga mbichi, usiilaumu kastadi. Kasoro ilianza mapema, pale mayai na maziwa yalipomiminwa ndani ya ganda bichi, kisha vyote vikaingizwa ovenini kwa pamoja. Ganda na kastadi havitaki moto mmoja. Ganda la siagi linataka oveni ya nyuzi 190 hadi 200, na linataka muda wa kutosha ili maji yaliyomo yakauke, kwa kuwa unga hauwezi kugeuka rangi ya kahawia ukiwa bado umelowa. Kastadi nayo huganda katikati yake inapofika takribani nyuzi 80, na ikizidi kama 85 mayai hukatika, maji hujitenga na uso hujaa vitundu. Moto wa kuivisha ganda ni mkali mno kwa kastadi, na moto wa kuitunza kastadi ni mdogo mno kwa ganda.

Kwa hiyo ganda huokwa peke yake kwanza, likiwa tupu, hadi liive karibu kabisa. Kisha moto hupunguzwa, kastadi humiminwa, na kuanzia hapo oveni hufanya kazi ya kugandisha mayai tu. Kwa maneno kazi hiyo ni fupi. Shida ni kwamba ganda tupu likiachwa hivi hivi ndani ya oveni halitulii. Kuta zake huteleza na kuporomoka, na kitako huvimba katikati. Mambo yote ya kuoka ganda tupu, yaani ubaridi, uzito, moto na muda, yanatokana na haja ya kulituliza ganda mpaka liwe gumu kiasi cha kujisimamia.

Nitafuata mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho: pai ya kastadi ya hiliki na kungumanga katika bati la pai lenye upana wa sentimita 23 na kina cha sentimita 3. Kwa ganda unahitaji gramu 200 za unga mweupe wa ngano, gramu 100 za siagi iliyotoka kwenye friji, kijiko kimoja cha chakula cha sukari, robo kijiko cha chai cha chumvi, kiini cha yai moja, na vijiko viwili hadi vitatu vya chakula vya maji baridi sana. Ute wa lile yai usiumwage, una kazi yake baadaye.

Siagi hukatwa vipande vidogo na kufikichwa ndani ya unga kwa ncha za vidole hadi unga ufanane na chenga za mkate, huku mapunje machache yakibaki makubwa kidogo. Kisha kiini na maji huchanganywa na kuongezwa kidogo kidogo, unga ukishikana basi. Hapa mkono uliozoea chapati hauna budi kujizuia. Donge la chapati hukandwa sana ili liwe laini na lenye kuvutika, na mvutiko huo ndio unaotuwezesha kulisukuma likawa pana bila kukatika. Katika ganda la pai mvutiko huo ni balaa, kwa sababu kilichovutwa hutaka kurudi kilikotoka. Kila unavyokanda ndivyo protini za ngano zinavyoshikana na kujenga utando wa gluteni, na utando huo ukipata joto hujikunja. Ganda ulilolitandaza hadi ukingoni mwa bati hutoka ovenini likiwa fupi kwa sentimita nzima.

Dawa yake ni kukanda kidogo na kupumzisha sana. Lifinye donge liwe bapa, lifunge kwa karatasi ya plastiki, liweke kwenye friji kwa saa nzima. Gluteni hulegea, maji husambaa sawasawa ndani ya unga, na siagi hurudi kuwa ngumu. Baada ya hapo lisukume hadi unene wa milimita 3 na upana wa sentimita 32 hivi, ili liweze kufunika kitako, kupanda kuta na kubaki na akiba kidogo ukingoni. Unapolitandika ndani ya bati usilivute lifike kwenye pembe. Linyanyue, liache lishuke lenyewe mpaka pembe ile ambapo ukuta unakutana na kitako, ndipo ulibonyeze kwa kidole. Ganda lililovutwa kwenye pembe hiyo ndilo litakalokuwa la kwanza kuteleza.

Akiba ya ukingoni ipunguze kwa kisu, lakini acha milimita tatu au nne zizidi bati. Kipande kidogo cha donge bichi kihifadhi kando. Sasa bati lote lirudi kwenye baridi, nusu saa kwenye friza au saa nzima kwenye friji, hadi ganda likiguswa liwe gumu kama ubao. Kwa jiko la Dar es Salaam au Mombasa mchana wa jua hatua hii haina mjadala. Siagi huanza kulainika mapema na huyeyuka kabisa ikifika kama nyuzi 32 hadi 35, na jiko lenye oveni inayowaka halitofautiani sana na kiwango hicho. Ganda likiingia ovenini siagi yake ikiwa imeshalegea, mafuta hutiririka kabla unga haujapata joto la kushikamana, na ukuta unashuka mbele ya macho yako ndani ya dakika tano za mwanzo. Likiingia likiwa limeganda, unga wa nje hupata nafasi ya kuanza kuiva wakati siagi ya ndani bado inayeyuka.

Majarini hutumika pia, na watu wengi huitumia kwa sababu ya bei. Ile ya kopo, inayopakwa kwenye mkate ikiwa imetoka kwenye friji, imetengenezwa iwe laini hata ikiwa baridi, hivyo ganda lake huteleza kwa urahisi zaidi na linahitaji friza, si friji. Majarini ngumu ya kipande inafanya kazi vizuri.

Sasa tuje kwenye uzito, ambako ndiko makosa mengi hutokea. Baadhi ya maduka ya vifaa vya kuokea huuza vijipira vya kauri au chuma kwa kazi hii. Maharage makavu yanatosha kabisa, au mchele, au choroko. Wengi hutandaza karatasi, wakamimina kikombe kimoja cha maharage kitakoni, wakaridhika. Kiasi hicho huzuia kitako kisivimbe, lakini hakigusi ukuta, na ukuta ndio wenye hatari kubwa. Uzito unapaswa kujaza bati hadi ukingoni, ili usukume kuta kwa pembeni na kuzishikiza kwenye bati mpaka zikauke. Kwa bati letu la sentimita 23 hiyo ni karibu lita moja, yaani kati ya gramu 800 na kilo nzima ya maharage. Ni mengi, naam, lakini ni ya kudumu. Yakishaokwa hayafai tena kuwa mboga kwani hayaivi vizuri, ila kama uzito yatatumika miaka. Yaache yapoe, yatie kwenye kopo na uandike juu ya kopo kazi yake, mtu mwingine nyumbani asije akayabandika jikoni.

Kati ya uzito na ganda lazima kuwe na karatasi ya kuokea. Ifinyange mkononi kama unayetaka kuitupa, kisha ifunue. Karatasi iliyokunjamana hulala vizuri kwenye pembe, tofauti na karatasi iliyonyooka ambayo husimama na kuacha uwazi, na kwenye uwazi huo ganda huvimba. Foili nayo hukaa vizuri kwenye pembe na unaweza kuikunja juu ya ukingo ili usiungue. Ubaya wake ni kwamba haipitishi mvuke, na huelekea kunata kwenye ganda bichi usipoipaka mafuta kidogo.

Kuna uzito mwingine ninaoupenda kuliko maharage, nao ni sukari nyeupe ya kawaida. Mwokaji na mwandishi wa Marekani Stella Parks ndiye aliyeueneza sana. Chembe za sukari hutiririka kama mchanga, huingia kila kona, na hukandamiza sawasawa mahali pote, ambapo maharage huacha mianya. Njia yake ni kutandika foili, kujaza sukari hadi ukingoni, na kuoka taratibu kwa nyuzi 175 kwa muda wa saa nzima. Sukari haiyeyuki kwa joto hilo ndani ya muda huo, bali hukauka na kupata harufu nzuri kidogo ya kuchomwa, na baadaye hutiwa kwenye keki au chai kama sukari nyingine yoyote. Tahadhari ni moja: foili isiwe na tundu hata dogo, na sukari isidondokee ukingoni, maana itanata. Kwa anayeona kilo ya sukari ni gharama ya kushtua, akumbuke kwamba hapotezi chochote, kwani yote inarudi kopo lake.

Kwa pai yetu nitabaki na maharage, kwa sababu ndiyo njia ya haraka na ndiyo inayopatikana kila nyumba.

Washa oveni mapema, nyuzi 200, na uweke trei tupu ya chuma ndani, chini kidogo ya katikati, ipate moto pamoja na oveni. Bati la pai likiwekwa juu ya trei iliyokwisha kupata moto, kitako huanza kuiva mara moja badala ya kusubiri hewa ya oveni ipenye. Oveni yenye feni huwekwa nyuzi 180, kwa kuwa hewa inayozunguka hukausha haraka. Na usiamini sana namba zilizoandikwa kwenye kitufe. Oveni nyingi za nyumbani, hasa za gesi, hupungua au huzidi kwa nyuzi 10 hata 20, na njia pekee ya kujua ni kuning'iniza kipimajoto cha oveni ndani na kukisoma baada ya dakika 20 za moto. Kifaa hicho kidogo hukuondolea kubahatisha kwa miaka.

Bati la chuma ndilo bora. Bakuli la kioo lina sifa ya kukuonyesha rangi ya kitako kwa chini, lakini hupata moto polepole, hivyo ongeza dakika tano hadi kumi. Na kamwe kioo kisitoke friza na kutua juu ya trei ya moto, kinaweza kupasuka. Ukiwa na kioo, tumia friji, na usiwashe trei mapema.

Ingiza ganda lililoganda pamoja na maharage yake. Dakika 20 za mwanzo usifungue mlango. Ndani mle siagi inayeyuka, wanga unanyonya maji na kuvimba, protini zinakazana, na mvuke unatafuta pa kutokea. Ukiondoa uzito katika dakika ya kumi, kwa mfano, utaona ganda linang'aa mafuta, laini, na ndani ya muda mfupi kuta zitaanza kulala. Ndiyo maana dalili ni muhimu kuliko saa. Baada ya dakika 20 vuta pembe moja ya karatasi taratibu. Kama inaachia kwa urahisi na ukuta ulio nyuma yake ni mkavu, haung'ai na umeanza kuwa na weupe wa maziwa ya unga, basi ukuta umesimama. Kama karatasi inanata na kuchuna ganda, irudishe na uongeze dakika tano. Ukingo ulio wazi juu ya maharage nao utakuwa umeanza kupata rangi ya dhahabu hafifu.

Sasa toa bati, shika karatasi kwa pembe zote nne na uinue maharage yote kwa mara moja, ukiyatua kwenye bakuli lisiloogopa joto. Utakachokiona kitakoni kinaweza kukuvunja moyo: kimepauka, kina madoa ya unyevu, na kinaonekana kibichi. Ni kibichi kweli. Maharage yalikinga joto la juu na kuzuia mvuke usitoke, kwa hiyo kitako kimeshikana bila kukauka. Wanaoishia hapa na kumimina kastadi ndio wanaosema njia hii haifanyi kazi.

Hatua ya pili ndiyo inayokausha. Punguza moto hadi nyuzi 180, rudisha ganda tupu bila uzito wowote, na uoke dakika 10 hadi 15 zaidi. Likivimba sehemu, toboa kwa ncha ya uma na ubonyeze kwa mgongo wa kijiko, litatulia. Watu wengi hutoboa kitako kizima kwa uma kabla ya kuoka. Ukitumia uzito wa kutosha hakuna haja kubwa ya hilo, na kwa pai ya kastadi mimi siupendi utoboaji huo, kwa sababu kila tundu ni njia ya maziwa kupenya chini ya ganda. Kwa pai ya kujazia kitu kizito kilichopikwa tayari haina neno.

Utajua ganda limefika pale kitako kinapokuwa kikavu kote, chenye rangi ya mchanga mwepesi hadi dhahabu, na ukikigusa kwa kidole kinakwaruza badala ya kubonyea. Harufu nayo hubadilika, kutoka ya unga hadi ya biskuti. Ukiona ukingo unakimbilia kahawia kabla kitako hakijafika, uzungushie ukanda wa foili.

Kagua nyufa. Kile kipande cha donge bichi ulichohifadhi ndicho kiraka: chukua kidogo, kilainishe kwa vidole, pachika juu ya ufa na usawazishe kwa upole. Kisha chukua ule ute wa yai, upige kidogo kwa uma, na upake kitako na kuta kwa brashi wakati ganda bado ni la moto. Rudisha ovenini dakika mbili. Ute hukauka na kuwa utando mwembamba unaong'aa, unaoziba matundu madogo na kuchelewesha maji ya kastadi yasilifikie ganda. Hauwezi kuokoa ganda lililookwa nusu nusu, lakini kwa ganda lililokauka vizuri huongeza saa kadhaa za uhai.

Kastadi yenyewe ni mayai manne mazima, gramu 100 za sukari, nusu lita ya maziwa, hiliki iliyopondwa na chumvi chembe. Anayetaka ladha ya pwani aweke nusu maziwa na nusu tui zito. Pasha maziwa hadi yatoe moshi bila kuchemka, yamimine polepole juu ya mayai na sukari huku unakoroga bila kupiga povu, kisha chuja. Kwa nini ya moto? Kwa sababu kastadi baridi hukaa muda mrefu ikiwa majimaji ndani ya ganda, na katika muda huo ndipo ganda hulowa. Kastadi ya moto inayomiminwa kwenye ganda la moto huanza kuganda mapema.

Punguza oveni hadi nyuzi 150, na uache mlango wazi dakika moja ili joto lishuke kweli. Weka ganda juu ya trei yake ndani ya oveni, na umiminie kastadi hapo hapo, maana kubeba ganda lililojaa majimaji kutoka meza hadi ovenini ni kualika kumwagika, na kilichomwagika nyuma ya ganda hunatisha pai kwenye bati. Isifike juu kabisa, acha milimita tano. Nyunyiza kungumanga iliyokunwa. Oka dakika 35 hadi 45. Itoe wakati pembeni pameshikana na katikati, duara la upana wa sentimita saba hivi, bado panatikisika ukigusa bati. Ukiwa na kipimajoto cha kuchomeka, kitasoma kati ya nyuzi 77 na 80. Joto lililomo litamalizia kazi mezani.

Si kila pai inayohitaji hatua zote hizi. Pai ya nyama au ya matufaha yenye kifuniko huokwa muda mrefu kwa moto mkali, na ganda la chini huiva humo humo, mradi bati liko juu ya trei ya moto. Kinyume chake ni pai ambayo kijazo chake hakirudi ovenini kabisa, kama ya ndizi na malai au ya limau iliyopikwa kwenye sufuria. Ganda la pai hiyo linapaswa kuiva lote katika hatua ya pili, dakika 20 au zaidi bila uzito, hadi kahawia ya dhahabu iliyokolea kitakoni, na lipoe kabisa kabla ya kujazwa.

Ya kastadi yetu iache ipoe saa mbili bila kuikata, ikiwa juu ya waya ili hewa ipite chini. Ukikata kipande cha kwanza kigeuze utazame chini yake. Kitako cha dhahabu kinachovunjika kikavu kinakuambia muda wako ulikuwa sahihi kwa oveni yako. Kikiwa kimepauka lakini kikavu, safari ijayo ongeza dakika tano katika hatua ya pili, siyo ya kwanza. Kikiwa kimelowa sehemu moja tu, tafuta ufa uliokupita. Na pai hiyo iliwe siku hiyo hiyo: ikilala kwenye friji itabaki tamu na salama, lakini kufikia kesho ganda litakuwa limenyonya unyevu wa kastadi na kulainika, hata ungelioka vizuri namna gani. Mwenye wageni wa kesho aoke ganda tupu leo, alifungie kwenye kopo lisilopitisha hewa baada ya kupoa, na kesho alipashe ovenini dakika tano kabla ya kumimina kastadi.